Barua ya wazi kutoka Mbeya: magunia ya mama na dola za Zambia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Bajeti.

YAH: MIKOPO YA NJE KWA FEDHA ZA KIGENI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninafundisha semina ya fedha za kimataifa hapa Mbeya, jioni. Wanafunzi wangu wengi wana kazi zao mchana: wapo wa benki, wapo mawakala wa forodha wanaoshinda Tunduma, yupo mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa kule Mbozi. Muhula huu tulisoma Zambia ilivyoshindwa kulipa madeni yake. Jirani anapounguliwa nyumba, moshi wake huingia hata jikoni kwako, na sisi wa barabara ya Tunduma moshi huo tuliuvuta. Katika somo la pili mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo nadhani hata nyinyi mngelipenda: "Mwalimu, kama dola ndiyo iliyowaua, kwa nini hawakukopa kwa kwacha?"

Nilimjibu kwa habari za mama yangu.

Mama aliuza mchele Tunduma kwa miaka mingi. Mwaka 2015, mwanzoni, alimkopesha mteja wake wa Nakonde, upande wa Zambia, magunia 20 kwa kwacha 12,000. Wakati huo kwacha moja ilinunua shilingi 270 hivi, kwa hiyo deni lilikuwa kama shilingi milioni 3.2. Mteja yule alikuwa mwaminifu, akalipa kwacha 12,000 kamili katikati ya Novemba, hakupunguza hata ngwee. Lakini mwaka ule bei ya shaba ilikuwa imeporomoka, na kwacha pamoja nayo. Mama alipofika kwa wabadilisha fedha akaondoka na shilingi zisizofika milioni 2.1. Magunia kama saba yalikuwa yamepotea njiani bila mtu kuyaiba. Tangu siku hiyo mteja wa Nakonde akitaka mkopo, mama alikuwa na jibu moja: "Mali chukua, ila daftari naandika kwa shilingi."

Waheshimiwa, mabenki na mifuko ya pensheni ya London na New York hufanya kama mama. Hawana haja ya kuichukia nchi wala kuidharau. Wana wastaafu wa kuwalipa kwa dola, na hawataki kubeba mporomoko wa fedha wasiyoitawala. Wanajua pia kwamba anayechapa kwacha ni Benki Kuu ya mkopaji mwenyewe: akibanwa anaweza kuchapa nyingi, akalipa kamili kwa noti zisizonunua kitu. Dola hawezi kuichapa. Kwa hiyo daftari huandikwa kwa dola, na hatari ya kubadilika kwa thamani inahamia upande wa mkopaji, kama mama alivyoihamishia ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1999 wanauchumi Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann waliipa hali hii jina la dhambi ya asili, kwa sababu hata serikali yenye adabu ya matumizi huzaliwa nayo. Nchi ndogo ambayo fedha yake haitumiki nje ya mipaka yake haipati mtu wa mbali wa kuikopesha kwa fedha hiyo, iwe imekosa au haijakosa.

Sasa tuingie Zambia yenyewe, maana ndani ya hesabu zake mna jambo ambalo watu hulipita haraka.

Septemba 2012 Zambia iliuza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, zile wanazoziita yurobondi: dola milioni 750, riba asilimia 5.375, mtaji wote kulipwa mara moja mwaka 2022. Wanunuzi walileta maombi ya karibu dola bilioni 12. Shaba ilikuwa juu, riba za Marekani zilikuwa karibu na sifuri, na fedha za dunia zilikuwa zinatafuta mahali pa kwenda. Aliyekaa Wizara ya Fedha Lusaka siku ile angekuwa na moyo wa jiwe kukataa. Mwaka 2014 wakarudi sokoni kwa dola bilioni 1, safari hii kwa asilimia 8.5. Mwaka 2015 wakachukua bilioni 1.25 kwa asilimia 8.97. Itazameni ile riba inavyopanda. Soko lilikuwa linawaambia kitu kwa sauti, nao wakaendelea kuitikia hodi. Pembeni ya hatifungani hizo ilikuwepo mikopo mikubwa ya China ya kujenga barabara, uwanja wa ndege wa Lusaka na bwawa la umeme la Kafue Gorge Lower.

Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama kwacha 5, kwa hesabu ya kwacha mpya iliyoondolewa sifuri tatu. Mwishoni mwa 2020 ilikuwa kama 21. Zile dola milioni 750, ambazo zilikuwa deni la kwacha bilioni 3.75 siku ya kusaini, zikawa deni la kwacha zaidi ya bilioni 15 bila mtu yeyote kukopa ngwee ya ziada. Darasani tulizigeuza ziwe riba. Dola kupanda kutoka 5 hadi 21 katika miaka minane ni sawa na kupanda kwa karibu asilimia 20 kila mwaka. Ukizidisha na riba ya asilimia 5.375, yaani 1.20 mara 1.05375, mkopo ule uliosifiwa kwa urahisi ulikuwa unamgharimu mlipa kodi wa Zambia, kwa kwacha anazotozwa, karibu asilimia 26 kwa mwaka.

Mwanafunzi wangu wa benki akasema basi dola ni ghali siku zote, tusikope kabisa. Hapo nilimkatalia, na nanyi nisingependa mlichukue somo hivyo, kwa sababu hesabu za kwetu zinasema vingine. Hatifungani ya Serikali yetu ya miaka 25, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa shilingi. Ukilinganisha na mkopo wa dola wa, tuseme, asilimia 8, gharama zinalingana pale tu dola inapopanda kwa asilimia 7.4 kila mwaka. Kati ya 2012 na 2022 dola ilipanda kutoka kama shilingi 1,580 hadi kama 2,300, yaani chini kidogo ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa miaka hiyo kumi aliyekopa dola alipata nafuu kuliko aliyekopa shilingi, na anayewaficha hesabu hiyo hawatendei haki maofisa wenu wanaopendekeza mikopo ya nje.

Tatizo halimo kwenye wastani. Limo kwenye siku dola inapopanda. Shaba huiletea Zambia kama asilimia 70 ya mapato ya mauzo ya nje. Bei ya shaba ikishuka, dola zinazoingia zinapungua, kodi za migodi zinapungua, na kwacha inaanguka, yote kwa pamoja. Yaani deni linavimba katika mwezi uleule ambao mfuko unanywea. Mkopo wa shilingi wa asilimia 16 unauma, lakini unauma kwa kipimo kilekile mvua inyeshe isinyeshe. Wa dola hukubembeleza miaka saba na kukukaba wa nane. Ndiyo maana nasema kulinganisha riba mbili kwenye jedwali la bajeti, 8 upande huu na 16 upande ule, ni kulinganisha vitu visivyofanana.

Zambia ilikabwa mwaka 2020. Mwezi Septemba iliwaomba wenye hatifungani wasimamishe kudai riba kwa miezi sita. Oktoba 14 ilipaswa kulipa dola milioni 42.5, riba ya nusu mwaka ya ile hatifungani ya bilioni 1, haikulipa. Mkataba ulitoa siku 30 za huruma. Novemba 13 siku zikaisha, wenye hatifungani walikuwa wamelikataa ombi, na Zambia ikawa nchi ya kwanza Afrika kushindwa kulipa baada ya Uviko kuingia. Milioni 42.5 si fedha ya kuiangusha nchi. Kilichowafanya wadai wakatae kilikuwa shaka: hawakujua China inadai kiasi gani, kwa masharti gani, na kama riba watakayoisamehe wao haitaishia kuwalipa wadai wa China. Serikali mpya ilipoingia mwaka 2021 na kufungua madaftari, ilionekana kwamba shaka ile haikuwa ya bure.

Kuanzia hapo ndipo tunapoona nchi isivyofanana na mfanyabiashara. Duka la Mwanjelwa likifilisika kuna mahakama, kuna mfilisi, kuna sheria inayosema nani alipwe kwanza, na wadai wanakwenda nyumbani wakilalamika lakini wakijua mwisho wake. Nchi haina mahakama ya kufilisika. Kuna mazungumzo tu, na kila mdai anamwangalia mwenzake asije akaachiwa yeye peke yake kubeba hasara.

Hatua zilikwenda hivi. Kwanza Shirika la Fedha la Kimataifa lilipima deni gani linabebeka. Kwa Zambia kipimo kimojawapo kilikuwa kwamba malipo ya deni la nje yashuke hadi asilimia 14 ya mapato ya Serikali ifikapo 2025. Kipimo hicho ndicho kinachoamua wadai kwa jumla waachie kiasi gani. Nani aachie nini wanagombania wenyewe. Pili, serikali zinazodai ziliunda kamati moja ikiongozwa na China na Ufaransa, chini ya utaratibu wa pamoja wa nchi za G20. Kamati ilipokwisha kutoa ahadi yake ya nafuu, Shirika la Fedha likaidhinisha, mwishoni mwa Agosti 2022, mkopo wa dola bilioni 1.3. Juni 2023, Paris, ikapatikana nafuu kwa dola bilioni 6.3, ambazo karibu bilioni 4.1 zilikuwa za benki ya China ya mauzo ya nje. Mtaji haukupunguzwa. Muda ulisogezwa hadi 2043 na riba ikashushwa hadi asilimia 1 mpaka 2037.

Wanafunzi waliguna hapo: "Sasa wamesamehewa nini?" Wamesamehewa sana. Shilingi milioni 1 utakayolipwa baada ya miaka 20, ukiipima kwa asilimia 5 kwa mwaka, ina thamani ya leo ya kama 377,000. Kusogeza siku na kushusha riba ni kupunguza deni, isipokuwa mdai anaondoka akiwa bado ameandika tarakimu ileile kwenye vitabu vyake, na kwa benki ya serikali hilo ni jambo la heshima.

Hatua ya tatu ndiyo iliyochosha. Serikali zinazodai zina kanuni kwamba wadai binafsi nao watoe nafuu inayolingana na yao. Novemba 2023 Zambia ilikuwa tayari imekubaliana na wenye hatifungani, kamati ikayakataa makubaliano kwa kusema nafuu haitoshi. Wakarudi mezani. Mapatano mapya yalikuja Machi 2024, na Juni 2024 hatifungani tatu za zamani zikabadilishwa kwa mbili mpya, wadai wakiacha madai ya kama dola milioni 840. Mojawapo ya zile mpya ina kifungu ambacho nakipenda, ingawa kimekuja kwa kuchelewa: uchumi usipovuka matarajio, inalipa riba ndogo sana ya asilimia 0.5 hadi 2053. Ukiimarika kuliko ilivyotarajiwa, riba inapanda hadi 7.5 na mwisho wake unasogea mpaka 2035.

Kati ya Novemba 2020 na Juni 2024 ni miaka mitatu na miezi saba. Mfumuko wa bei Zambia ulivuka asilimia 24 katikati ya 2021, na ruzuku ya mafuta ya magari iliondolewa. Mnayasoma hayo kwenye taarifa. Upande wetu yalisomeka Tunduma, kwenye magunia yaliyokosa mnunuzi na kwenye daftari la mama.

Jambo moja la zamani zaidi, halafu nije kwenye maombi yangu. Mwaka 1979 Zambia ilinunua matrekta kutoka Romania kwa mkopo wa kama dola milioni 15, ikashindwa kulipa. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Donegal International ililinunua deni hilo kutoka Romania kwa dola milioni 3.3 hivi, ikafungua kesi London ikidai dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama iliiamuru Zambia ilipe kama milioni 15.5. Kwa hiyo aliyekukopesha anaweza kukuuza, na aliyekununua si lazima awe na subira ya yule wa kwanza. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2010 kuzuia kesi za aina hiyo kwa madeni ya nchi zilizokuwa katika mpango wa msamaha, lakini mikataba ya baadaye, kama zile hatifungani tatu, haimo ndani ya kinga hiyo.

Waheshimiwa, sisi hatujafika walikofika Zambia. Zaidi ya nusu ya deni letu la nje la Serikali linadaiwa na mashirika ya kimataifa, kwa riba ndogo na muda mrefu. Lakini sehemu ya kibiashara ipo, na mara kwa mara nasikia minong'ono ya hatifungani ya kimataifa. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri madaraka ya kukopa kwa niaba yetu, na sina ugomvi nayo. Mwaka 2025 mlitutangazia kanuni za kutokupanga bei wala kulipana kwa fedha za kigeni humu ndani. Nilizifurahia. Ila mkononi mwa Serikali yenyewe ndimo dola inamokaa kwa wingi, tena kwa miaka 20 mbele.

Ombi la kwanza ni kuhusu mahali dola zitakapotoka. Mhasibu wangu wa Mbozi alilieleza vizuri kuliko mimi. Chama chake kikikopa dola kununua mashine ya kukoboa kahawa, kahawa inauzwa kwa dola. Shilingi ikianguka, deni linapanda na mauzo yanapanda nalo. Skimu ya umwagiliaji ya Mbarali ikikopa dola, mpunga unauzwa kwa shilingi sokoni Igurusi, na hakuna kinachopanda isipokuwa deni. Barabara ya vijijini, shule na zahanati ni kama mpunga. Bandari, na reli ya TAZARA inayobeba shaba, zinakaribia kahawa. Kila mkopo wa dola unaopelekwa kwenye kamati uandikwe ni wa kahawa au wa mpunga. Ukiwa wa mpunga, aandikwe pia nani atazitafuta hizo dola, na kutoka mauzo gani ya nje.

La pili, pembeni ya riba wekeni ile namba tuliyoikokotoa darasani: dola ipande kwa asilimia ngapi kwa mwaka ndipo mkopo huu uwe ghali kuliko hatifungani ya shilingi. Ni mstari mmoja wa jedwali. Halafu pimeni mwaka mbaya badala ya wastani: shilingi ikianguka kwa asilimia 30 katika miezi 12, malipo ya mwaka ule yatakula sehemu gani ya mapato ya ndani?

La tatu, msikubali mtaji wote uive siku moja. Zambia ilikuwa na milioni 750 zinazosubiri 2022 na bilioni 1 inayosubiri 2024, kila moja kwa mkupuo. Mkopaji wa namna hiyo hana mpango wa kulipa, ana matumaini ya kukopa tena. Soko likifungwa mwaka huo, kwa sababu ambazo hazimhusu kabisa, ameanguka. Malipo yagawanywe kwa miaka kadhaa, hata kama mnunuzi ataongeza riba kidogo. Na kile kifungu cha hatifungani mpya ya Zambia, cha kulipa kulingana na hali ya uchumi, kiombwe mwanzoni, tukiwa bado tunabembelezwa.

La mwisho ni uwazi, na hapa sitaki maneno mazito ya utawala bora. Nazungumzia muda tu. Msumbiji mikopo iliyofichwa ya zaidi ya dola bilioni 1 ilifichuka mwaka 2016, na Zambia wadai walilikataa ombi la miezi sita kwa kutokujua nani anadai nini. Orodha ikijulikana tangu siku ya kwanza, mazungumzo yanaanza na hesabu. Isipojulikana, yanaanza na kutuhumiana. Chapisheni kwa kila mkopo wa kibiashara jina la mdai, fedha uliyoandikiwa, sheria ya nchi gani inautawala, tarehe za malipo, na kama kuna mali au mapato yaliyowekwa rehani. Kipengele hicho cha rehani ndicho wadai wengine hukitafuta kwanza.

Jedwali hilo likitoka, hata kwa mikopo ya mwaka mmoja tu, nitalipeleka darasani na tutalirudisha kwenu likiwa na ile namba ya kulinganisha dola na shilingi kwa kila mkopo. Ni kazi ya jioni mbili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa semina ya fedha za kimataifa,
Mbeya.